Wanaokamua Juu ya Maharagwe: Mwongozo wa Kuwatenganisha Sisimizi na Vidukari

Baba mkubwa alikuwa ameketi juu ya bidoni la manjano lililolazwa chini. Miwani yake ya kusomea Biblia alikuwa ameivua, akaishika karibu na ncha ya mharagwe mmoja kama mtu anayesoma kipimajoto cha mgonjwa. Nilipomsalimia hakugeuka. Alinionyesha kwa mkono tu nichuchumae.

"Mutoto wangu, nilikuwa nafikiri sisimizi hawa beko banakula maharagi yangu. Angalia muzuri. Habakule. Beko banakamua."

Shamba lake liko kwenye mteremko wa Kabare, mahali ambapo asubuhi unaliona ziwa Kivu chini na mabati ya Bukavu yakianza kung'aa. Analima maharagwe yanayopanda juu ya miti, na msimu huo alikuwa ameyapanda mwanzoni mwa Machi. Mvua ilikuwa imekatika siku kumi hivi, na katika siku hizo ncha changa zilijaa wadudu weusi, wadogo kuliko kichwa cha kiberiti, waliobanana kama punje za ulezi zilizomwagika. Yeye huwaita chawa wa maharagwe. Kwenye vitabu vya kilimo wanaitwa vidukari, na hawa weusi ndio wanaopenda sana jamii ya maharagwe. Sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka kwenye kila mti wenye vidukari, na siku tatu mfululizo mzee alikuwa amewasaga kwa vidole bila kuona wamepungua.

Ninaandika hapa yale tuliyofanya pamoja, kwa mpangilio tulioufuata, ili mwenye maharagwe yaliyovamiwa aweze kufanya vilevile.

Keti na utazame kabla ya kugusa kitu

Nenda asubuhi jua likishapasha majani, au alasiri kabla halijapoa, kwa maana sisimizi huwa wengi juu ya mmea kukiwa na joto. Chagua ncha moja yenye vidukari wengi na uketi karibu nayo. Usiipulizie pumzi, kwani pumzi ya mtu huwashtua sisimizi wakaacha kazi. Kama huna kioo cha kukuzia, miwani ya mzee ya kusomea inatosha: isogeze na kuirudisha taratibu mpaka mdudu aonekane mkubwa na wazi.

Kwanza tazama njia yao kwenye mti. Sisimizi anayepanda ana tumbo dogo jeusi lililokaza. Anayeshuka tumbo lake limevimba, na kati ya pingili zake utaona mistari myepesi inayopitisha mwanga. Ukiona tofauti hiyo, umekwisha kujua kwamba juu kuna kitu cha kunywa na kwamba mzigo unapelekwa nyumbani.

Kisha fuata sisimizi mmoja tu mpaka kwenye kundi. Yule tuliyemfuata alisimama nyuma ya kidukari mnene akaanza kumpapasa mgongoni kwa papasi zake mbili za kichwani, haraka haraka, kulia na kushoto. Kidukari akainua sehemu ya nyuma, na tone likatokea, safi kama maji, likabaki limening'inia pale. Hakulirusha. Alilishikilia mpaka sisimizi akalinywa, kisha akaishusha nyuma yake na kuendelea kunyonya. Sisimizi akahamia kwa jirani. Baba mkubwa, aliyechunga ng'ombe wa baba yake akiwa mtoto, hakuhitaji kuelezwa: ng'ombe naye haachii maziwa mpaka ndama amsukume kiwele.

Watu wengi hudhani tone hilo linatoka kwenye vijirija viwili vilivyosimama juu ya mgongo wa kidukari. Sivyo. Linatoka kwenye tundu la haja. Vijirija vile vina kazi nyingine: kidukari akishikwa na adui hutoa kupitia hapo majimaji yenye harufu inayowaambia wenzake kuna hatari.

Kila upande unapata nini

Mzee aliniuliza swali ambalo ndilo kiini cha jambo hili lote: "Kwani chawa anatoa sukari ya bure? Yeye anapata nini?"

Jibu linaanzia kwenye chakula cha kidukari. Mdomo wake ni mrija mwembamba kuliko unywele. Anauchomeka kwenye mishipa ya mmea inayobeba sukari kutoka kwenye majani, na utomvu ule una msukumo wake wenyewe, kwa hiyo unaingia bila taabu. Shida yake ni kwamba utomvu huo umejaa sukari lakini una uhaba mkubwa wa vitu vya kujengea mwili. Nilimwambia mzee afikirie mtu aliyepewa sufuria nzima ya chai yenye sukari nyingi, na ndani yake mna punje tatu tu za maharagwe. Akitaka zile punje, itambidi aipitishe chai yote. Kidukari ndivyo anavyoishi: ananyonya kutwa kucha, anachuja kile kidogo anachokihitaji, na sukari iliyozidi anaitupa. Anachompa sisimizi ni taka yake.

Hapo mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba basi hata kutupa taka ni kazi. Alikuwa amepatia. Kidukari asiye na sisimizi hulazimika kuirusha taka hiyo mbali, na kundi likishakuwa kubwa matone huangukia majani ya chini na wenzake pia. Majani yananata, kisha ukungu mweusi kama masizi unaota juu ya utamu huo na kuliziba jani lisipate jua. Sisimizi akinywa yote, kundi linabaki safi. Kwa hiyo faida ya kwanza ya kidukari ni usafi.

Faida ya pili ni ulinzi, nayo ndiyo inayomuumiza mkulima. Kidukari ni mlaini, hana mbio, wala hana silaha ya maana. Wanaomla ni wengi: mdudu-kobe mwekundu mwenye madoa, watoto wake, funza wa yule nzi mwenye mistari kama nyuki anayesimama hewani bila kusogea, na nyigu mdogo sana anayetaga yai ndani ya mwili wa kidukari. Sisimizi huwafukuza karibu wote. Tulimwona mdudu-kobe akitua kwenye ncha ile, na kabla hajafika kwenye kundi sisimizi wawili walikuwa wamemshika miguu. Alijikunja chini ya gamba lake, akasubiri, kisha akaruka zake.

Sisimizi anapata chakula cha nguvu karibu na nyumbani, kila siku, bila kukitafuta. Lakini naomba mfano wa ng'ombe usikupotoshe. Sisimizi hana uaminifu kwa kidukari. Vidukari wakizidi, au kichuguuni wakihitaji nyama ya kulea watoto, anamla huyohuyo aliyekuwa akimkamua. Mzee alicheka akasema hata ng'ombe mwisho wake ni hivyo.

Anayelipa gharama yote ni mharagwe. Utomvu unaopita katika tumbo la kidukari na kuishia kichuguuni ni ule uliopaswa kujaza maganda. Jani linajikunja, ncha inadumaa, maua yanadondoka. Na kundi halikui polepole: katika nchi zetu zisizo na majira ya baridi, kidukari jike huzaa majike bila dume, anawazaa wakiwa hai, na mtoto huanza kuzaa yeye mwenyewe baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Ndiyo maana shamba ulilolipita Jumapili likiwa safi unaweza kulikuta limejaa wiki mbili baadaye.

Kata njia, usiue mchungaji

Msimu wa nyuma mzee alikuwa amenunua sokoni dawa ya chupa ndogo isiyo na karatasi ya maelezo. Alipiga, wadudu wote wakafa, akafurahi. Siku kama kumi baadaye vidukari walikuwa wamerudi wengi kuliko mwanzo. Waliokuwa ndani ya majani yaliyojikunja hawakuguswa na dawa, wakaanza kuzaa upya, na safari hii hapakuwa na mdudu-kobe hata mmoja wa kuwapunguza. Adui wa vidukari huzaa taratibu kuliko vidukari wenyewe, kwa hiyo dawa inayoua kila kitu huwapa vidukari nafasi ya kutangulia. Tena Kabare tunakula majani ya maharagwe kama mboga, na sumu usiyoijua jina wala siku zake haifai kufika kwenye sufuria.

Safari hii alitaka kumwaga maji ya moto kwenye kichuguu. Nilimzuia. Sisimizi haohao hubeba viwavi na mayai ya wadudu wengine, na hulegeza udongo. Tatizo ni mahali walipo tu. Wakibaki chini, adui wa vidukari watapanda.

Tulichagua miti kumi na miwili yenye vidukari, iliyosimama mbalimbali kidogo. Sita tuliizuia, sita tukaiacha kama ilivyo ili tulinganishe. Kizuizi kilitengenezwa hivi.

Anza kwa kuondoa madaraja. Palilia majani yote kuzunguka shina, ng'oa matawi ya chini yanayogusa ardhi, na ukate au uelekeze upande mwingine kila jani linalogusa mti wa jirani. Hatua hii ndiyo inayoharibika kwa watu wengi. Daraja moja la jani jembamba linatosha kuifuta kazi yote, kwa sababu sisimizi mmoja akilipata huacha harufu na wenzake wanaifuata.

Kisha tafuta mahali shina la mharagwe linapoegemea mti, kutoka ardhini kama urefu wa mkono kuanzia vidole mpaka kiwiko. Sisimizi hupanda kote kuwili, kwenye mti na kwenye shina, kwa hiyo lazima uvizungushe vyote pamoja. Jaza nyuzi za mgomba au pamba kwenye nafasi iliyo kati ya shina na mti, la sivyo watapita ndani kama kwenye bomba. Zungushia juu yake ukanda wa nailoni mpana kama vidole vinne, ufunge kwa uzi juu na chini. Usikaze: kidole chako kidogo kiweze kupenya, kwa maana shina litanenepa.

Sasa paka grisi juu ya nailoni, ukanda wa vidole viwili katikati, unene kama wa siagi kwenye mkate. Yetu ilitoka kwa fundi wa pikipiki. Grisi isiguse shina lenyewe hata kidogo, kwani huunguza ngozi yake. Ndiyo sababu ya nailoni.

Mwisho, waondoe sisimizi waliobaki juu. Hili mzee alilisahau kwenye mti wa kwanza, na kesho yake tulikuta sisimizi kama ishirini wamefungiwa juu, wanaendelea kulinda kundi kama kawaida. Tikisa mti taratibu na uwafagie kwa unyoya wa kuku. Vidukari waache.

Baada ya hapo kagua kila baada ya siku mbili. Vumbi likifunika grisi, au maiti za sisimizi wakirundikana mpaka wakawa daraja, futa na upake upya. Mvua haiisumbui sana grisi. Majivu yanayomwagwa kuzunguka shina huwazuia pia, lakini mvua moja ikinyesha umemaliza kazi bure.

Kusoma kinachotokea

Siku ya pili na ya tatu mambo huonekana kuwa mabaya zaidi, na hapo ndipo mkulima hukata tamaa. Majani ya chini ya ile miti sita yalianza kung'aa na kunata kama yamepakwa sharubati. Mama mkubwa aliyaona akaja akiwa na hasira, akisema tumeuongeza ugonjwa. Kumbe ndiyo dalili kwamba kizuizi kinafanya kazi: hakuna wa kunywa tena, kidukari anarusha mwenyewe. Jani likibaki kavu na safi chini ya kundi kubwa, ujue sisimizi bado wanapita mahali. Tafuta daraja.

Siku ya nne tulimwona mdudu-kobe wa kwanza akila bila kusumbuliwa. Upande wa chini wa jani moja palikuwa na mayai ya manjano yaliyosimama wima, yamepangwa pamoja kama mahindi kwenye gunzi. Wiki iliyofuata walitoka watoto wake, na hapa nakusihi utazame vizuri kabla ya kuua. Mtoto wa mdudu-kobe hafanani kabisa na mama yake. Ni mrefu, mweusi au wa kijivu, mwenye madoa ya rangi ya chungwa na miguu sita, kama mamba mdogo sana. Mzee alikiri kwamba miaka yote amekuwa akiwaponda, akiwadhania viwavi. Kumbe mmoja hula makumi ya vidukari kwa siku.

Alama nyingine ni maganda. Kidukari aliyetagiwa yai na nyigu hugeuka kuwa kama karatasi ya kaki iliyovimba, amegandamana na jani, hasogei. Baadaye utaona tundu la duara mgongoni, mahali nyigu mpya alipotokea. Usiyachanganye na ngozi nyeupe nyembamba zilizotapakaa kila mahali. Hizo ni nguo kuukuu ambazo vidukari huvua wanapokua, na wingi wake unaonyesha kundi linakua.

Siku ya kumi na mbili tulikaa kuhesabu. Kwenye miti sita iliyozuiwa, mitano ilikuwa imebaki na vidukari wachache kuliko vidole vya mikono kwenye kila ncha. Mmoja ulikuwa umejaa bado, na tulipoutafuta ubaya wake tulikuta mmea wa boga umeupandia kutoka upande wa pili. Ile sita iliyoachwa ilikuwa na sisimizi wake, vidukari wake, na ncha zilizojikunja kama ngumi.

Shamba lililobaki

Hakuna anayeweza kufunga grisi kwenye maelfu ya mashina. Kizuizi ni cha bustani ndogo ya nyumbani, au cha kuwapa wadudu-kobe mahali pa kuzaliana. Kwenye shamba zima, kinachofaa ni kuwahi. Pita mara mbili kwa wiki ukifuata sisimizi, kwa kuwa wao utawaona kwa mbali kabla hujawaona vidukari. Mti wenye msafara wa sisimizi ndio wa kukagua ncha zake. Ukikuta ncha mbili tatu zimejaa, zikate na uzizamishe kwenye maji.

Wakiwa wameenea, tumia maji ya sabuni. Vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji kwa lita 1 ya maji ya mvua vinatosha. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, huunguza majani. Jaribu kwenye majani machache, usubiri mpaka kesho, na kama hayajapata madoa ya kahawia endelea. Piga jioni, chini ya majani na ndani ya mikunjo, kwa maana sabuni huua yule tu inayemlowesha, na ikikauka imekwisha nguvu. Kwa sababu hiyo rudia baada ya siku tano. Uruke ncha zenye mamba wadogo au maganda ya kaki.

Kuna jambo moja ambalo wala grisi wala sabuni haviliwezi. Kidukari mwenye mabawa akitoka kwenye mharagwe mgonjwa huambukiza virusi vya batobato kwa kuchomeka mdomo kwa muda mfupi sana, kabla hata hujamwona. Jani lenye ugonjwa huo lina mabaka ya kijani kilichokolea na kijani cha manjano, na mara nyingi limekunjikia chini. Mmea kama huo hauponi. Mzee aling'oa minne, akaichoma, kisha akafunga vitambaa vyekundu kwenye mimea mizuri isiyo na baka lolote, kwa kuwa ugonjwa huo husafiri pia ndani ya mbegu na hakutaka kuupanda tena Septemba.

Maganda ya maharagwe yalipoanza kujaa mzee alinituma nifungue zile nailoni. Sisimizi hawakungoja hata saa moja. Tuliwatazama wakipanda kwa mstari mpaka kwenye ncha. Wa kwanza alipapasa ganda la kaki lenye tundu mgongoni, kulia na kushoto, haraka haraka. Akapapasa la pili. Kisha akageuka, akashuka na tumbo lake dogo lililokaza, akigusana papasi na kila aliyekuwa anapanda.